Nimwandikieje bosi wangu wa zamani akubali kuwa mdhamini wangu wa kazi?

*Shikamoo dada. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Mwanza. Kuanzia Machi 2018 hadi Agosti 2021 nilikuwa afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, nikihudumia vikundi 14 vya wafanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Meneja wangu wa tawi alikuwa mtu mzima, mkali kwenye makaratasi lakini mwenye haki. Alinigombeza sana kwa kuchelewesha ripoti za mwisho wa mwezi, na huyohuyo ndiye aliyenikabidhi maofisa wawili wapya niwafundishe kazi. Ndiye pia aliyenisainia nilipoomba tubadilishe kalenda ya marejesho iepuke siku za mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala na akina mama hawana hela. Vikundi 9 vilikuwa vinachelewa. Baada ya miezi sita vikabaki 3.*

*Niliondoka kwa notisi ya siku 28 bila ugomvi, ila siku yangu ya mwisho alikuwa safarini, sikumuaga. Naye alishahama, yuko Dodoma kwenye taasisi nyingine. Tumewasiliana mara moja tu, nilipomtumia salamu za Idi. Tangu wakati huo nimeolewa na natumia jina la mume wangu.*

*Sasa kuna nafasi Morogoro ya kusimamia maofisa mikopo wa vikundi vya wakulima. Leo ni tarehe 6, fomu ya mtandaoni inafungwa tarehe 28. Wanataka wadhamini watatu, mmoja awe msimamizi wangu wa moja kwa moja, na tangazo linasema watawapigia wadhamini wa wale watakaofaulu usaili. Nimeandika hivi, lakini kila nikitaka kutuma naahirisha:*

*"YAH: OMBI LA UDHAMINI. Shikamoo Bosi. Natumaini u mzima wa afya na familia haijambo. Mimi ni yule mfanyakazi wako wa zamani wa Mwanza. Dhumuni la barua hii ni kukuomba uwe mdhamini wangu. Nitashukuru sana endapo ombi langu litapewa uzito. Nimeambatisha wasifu wangu na vyeti vyote. Natanguliza shukrani."*

*Mume wangu anasema niweke tu namba yake, wakimpigia atajua la kusema. Nifanyeje?*

Mwenye haya, Mwanza

---

Marahaba, mdogo wangu. Tuanzie kwenye kichwa cha barua yako, maana itakwama hapohapo.

Huyu mzee amekula chumvi kwenye kazi ya mikopo. Kwake yeye mdhamini ni yule anayelipa mkopaji akitoroka. Kwa watu wengine ni yule anayekwenda kusaini polisi ndugu akiwekwa ndani. Matangazo ya kazi, hata yale ya Sekretarieti ya Ajira, yameliazima neno hilohilo kwa mtu wa kukuelezea kwa mwajiri mpya, nasi tulio kwenye kutafuta kazi tumelizoea hadi hatulioni tena. Lakini mtu ambaye hajakusikia kwa miaka akiona "OMBI LA UDHAMINI" kwenye simu yake, herufi kubwa zote, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni pesa. Hataifungua hapohapo. Ataiacha "nitaisoma baadaye", na unajua baadaye ya barua pepe inavyokuwa.

Kwa hiyo neno "kazi" lisimame karibu kabisa na neno "mdhamini", na jina lako litangulie. "Yah" iache kwa barua za serikali. Kwenye kioo cha simu yanaonekana maneno machache tu ya kichwa, usiyapoteze.

Kuhusu ushauri wa mume wako, nina la kusema, kwa sababu nilikaa upande wa pili wa hiyo simu. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa ajira, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwapigia wadhamini. Simu yenyewe haichukui hata robo saa. Unauliza mlifanya kazi pamoja lini, alikuwa na cheo gani, aliondoka kwa nini, anafanya nini vizuri, anahitaji kusaidiwa wapi. Kwenye kazi za fedha unauliza kama aliwahi kuwa na tatizo la pesa za wateja. Mwisho unauliza swali moja ambalo mengine yote ni utangulizi wake: ungepata nafasi, ungemwajiri tena?

Nakumbuka meneja mmoja niliyempigia kuhusu kijana ambaye, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa mfanyakazi hodari. Kijana hakuwa amemwambia kitu. Namba yangu alikuwa haijui, alipokea akiwa kwenye gari, nikataja jina. Akasema, "Nani? Subiri kidogo… huyu alikuwa wa stoo au wa mauzo?" Kisha akamsifu kwa maneno ambayo ungeweza kumsifia mtu yeyote: mchapakazi, hana shida, anajituma. Nikaandika kwenye karatasi: *mdhamini hamkumbuki vizuri.* Haikuwa haki kwa yule kijana, lakini ndivyo ilivyoandikwa, na aliyekuwa wa pili kwenye orodha akapata kazi.

Kwa hiyo usiweke namba yake kabla hajakubali. Na hata akikubali, kazi ya barua yako haijaisha, maana inatakiwa pia imfikishe kwenye ile simu akiwa na kitu cha kusema.

Sasa soma tena rasimu yako kama yeye. "Yule mfanyakazi wako wa zamani wa Mwanza": tawi lile amepita na wafanyakazi wangapi? Kazi gani unaomba? Wapi? Atatakiwa kufanya nini, kuandika barua, kujaza fomu, kupokea simu? Lini? Hukumwambia hata moja, kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo inabidi akuulize maswali matano. Adabu yako haina kasoro, lakini umempelekea kazi ya kufanya, na mtu mwenye shughuli nyingi akipelekewa kazi isiyo na mipaka huisukuma mbele bila hata kukusudia. Na vyeti vyote vya nini? Atafungua cheti chako cha kidato cha nne ili iweje?

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

> Kichwa: (Jina lako) wa Kirumba – mdhamini wa maombi ya kazi
>
> Shikamoo Bosi,
>
> Ni mimi (jina lako na la baba), afisa mikopo wako wa vikundi vya mwaloni Kirumba, Machi 2018 hadi Agosti 2021, yule wa kalenda ya mbalamwezi. Siku hizi natumia jina la mume wangu, (jina). Siku niliyoondoka ulikuwa safarini, sikupata nafasi ya kukuaga wala kukushukuru. Naomba uniwie radhi.
>
> Naomba ridhaa yako nikuandike kuwa mmoja wa wadhamini wangu watatu kwenye maombi ya kazi. Ni nafasi ya kusimamia maofisa mikopo wa vikundi vya wakulima, (jina la taasisi), Morogoro. Hakuna dhamana ya fedha wala kusaini chochote. Nikifaulu usaili watakupigia simu kukuuliza kuhusu kazi yangu nilipokuwa chini yako.
>
> Ili usihangaike kukumbuka: nilikuwa na vikundi 14 vya dagaa, na 9 vilikuwa vinachelewa marejesho. Ulinikubalia tupange kalenda iepuke siku za mbalamwezi, na baada ya miezi sita vilivyochelewa vilibaki 3. Baadaye ulinikabidhi maofisa wawili wapya niwafundishe. Kazi hii ya Morogoro marejesho yake yanafuata mavuno, kwa hiyo huenda wakauliza zaidi kuhusu hayo mawili.
>
> Ukiridhia, nijibu tu "sawa" pamoja na namba na barua pepe ambazo ungependa niziandike. Fomu inafungwa tarehe 28, ningeshukuru kupata jibu kabla ya tarehe 18. Kama kwa nafasi yako ya sasa si rahisi kuzungumzia utendaji wangu, hata kuthibitisha cheo na tarehe kutanisaidia. Na kama hilo nalo ni gumu, nitaelewa kabisa, bado nina muda wa kumwomba mtu mwingine.
>
> Nimeambatisha wasifu wangu wa kurasa mbili na tangazo la kazi.
>
> Asante sana Bosi, na salamu kwa nyumbani.
>
> (Jina lako kamili, namba ya simu)

Utaona ni ndefu kuliko ya kwako. Wengi wanadhani barua rahisi ni barua fupi, lakini yako ya mistari sita ingezaa simu mbili na maswali matano, na hii anaimaliza kwa dakika mbili na kuijibu kwa neno moja.

Hayo maneno matatu, "kalenda ya mbalamwezi", ndiyo nguzo ya barua yote. Jina lako huenda limemtoka, hasa kwa kuwa umelibadilisha, lakini meneja wa tawi hasahau siku aliyoweka saini yake kwenye kitu ambacho makao makuu wangeweza kumuuliza. Ulichomkumbusha hapo ni uamuzi wake mwenyewe, na uamuzi huo ulizaa matunda. Atakapopigiwa hatasema "alikuwa anajituma". Atasema, "Huyu binti alikuja ofisini kwangu akaniambia, bosi, hawa akina mama hawakatai kulipa, ila mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiingii majini." Aliyempigia ataandika hilo neno kwa neno. Mimi ningeliandika.

Ndiyo maana mambo ya kumkumbusha nimeyaacha mawili tu. Kuna watu huwaandikia wadhamini wao ukurasa mzima wa mafanikio, na kwenye simu mdhamini anasikika kama anasoma. Mawili, yaliyotokea mbele ya macho yake, yenye uhusiano na kazi unayoomba. Usimwandikie sifa. "Nilikuwa mbunifu na mwenye kujituma" hilo ni la kwake kusema, na likitoka kwako kwanza linampa kazi ya kuamua kama anakubaliana nalo. Namba na matukio hayampi kazi hiyo. Hakikisha tu namba hizo ndizo zilizo kwenye wasifu wako na kwenye fomu. Wasifu ukisema uliondoka Septemba na yeye akasema Agosti, hakuna atakayedhani ni kusahau.

Kuhusu jina: kwenye fomu, mahali pa kueleza ajira ile, andika pia jina ulilokuwa ukitumia wakati huo. Nimeona mdhamini akiulizwa habari za mtu kwa jina la ndoa akajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hamjui.

Tuje kwenye ile milango miwili niliyomwachia mwishoni, ya kuthibitisha tarehe tu na ile ya kukataa. Najua utaona kama nakuharibia, kwamba umemwomba mtu kisha unamfundisha namna ya kukukatalia. Lakini kuna sababu mbili zinazoweza kumzuia ambazo hazihusiani nawe. Kuna taasisi za fedha zilizowakataza mameneja kuzungumzia utendaji wa watu, na maswali yote yanapelekwa kitengo cha rasilimali watu, ambacho kinataja cheo na tarehe basi. Yeye amehama, na huenda huko aliko sasa wana utaratibu wa aina hiyo, au anaona si vizuri kuizungumzia taasisi aliyoiacha. Ukimpa mlango mdogo wa katikati, atapita hapo badala ya kunyamaza.

Na mtu mzima wa kwetu hasemi hapana. Anasema "nitumie tu nitaangalia", anasema "tutaongea", anasema "inshallah" kwa ile sauti. Mtu mwenye haya kama wewe atalichukua hilo kuwa ndiyo, ataandika namba, halafu ataponzwa. Ndiyo ya kweli utaijua kwa alama moja: amekupa mawasiliano ya kutumia. Akisema "sawa, tumia namba hii, ile ya zamani siitumii siku hizi", umepata mdhamini. Akikujibu "hongera sana, nakutakia kila la heri" bila namba, mshukuru kwa dhati na utafute mwingine. Mdhamini aliyekubali kwa kuona aibu ni hatari kuliko asiyekuwepo, kwa sababu kwenye simu atasita, na kusita kunasikika.

Usiitume leo usiku kwa kuwa umepata ujasiri. Tuma Jumanne au Jumatano asubuhi, na isikaribie mwisho wa mwezi ambapo mtu wa mikopo anafunga hesabu na hata mkewe hamwoni. Kama unayo barua pepe yake ya ofisini na ya binafsi, tumia ya binafsi. Habari zako za kutafuta kazi hazina sababu ya kupita kwenye mitambo ya mwajiri wake. Halafu, kwa kuwa mara ya mwisho mliwasiliana kwa simu, mtumie ujumbe siku hiyohiyo kwenye WhatsApp: "Shikamoo Bosi, ni (jina) wa Kirumba. Nimekutumia barua pepe leo kuhusu maombi ya kazi, ukipata nafasi naomba uiangalie." Basi. Usilitoe ombi zima huko, maana atakapolihitaji tena atakuwa anapekua kati ya picha za harusi na matangazo ya msiba. Ujumbe huo unafanya kazi moja nyingine: barua kutoka anwani isiyojulikana, yenye viambatisho, huweza kutupwa kwenye taka, na bila kuambiwa hatajua kuwa ipo.

Lugha? Andika ile mliyokuwa mkizungumza. Kama Kiingereza chenu kilikuwa cha ripoti tu, barua ya Kiingereza kutoka kwako itamshtua. Tangazo na wasifu vibaki kama vilivyo.

Asipojibu, subiri siku nne za kazi, kisha mkumbushe mara moja tu, kwa kuijibu barua ileile ili yote awe nayo chini yake. Mstari mmoja: "Bosi, nakumbusha kwa heshima ombi langu hapa chini, fomu inafungwa tarehe 28." Baada ya hapo piga simu, mara moja, jioni. Nimekuwekea tarehe 18 badala ya 26 ili hayo yote yatoshee na bado ubaki na siku kumi za kutafuta mwingine.

Akikubali, mjibu siku hiyohiyo, na hapo ndipo unamwambia jambo ambalo sikuliweka kwenye barua ya kwanza: zile ripoti. Atakapoulizwa "anahitaji kusaidiwa wapi", hilo ndilo litakalomjia, na ni la kweli. Usimwombe alifiche. Mwambie ulichofanya tangu hapo, kama kipo. "Bosi, najua wakiuliza udhaifu utakumbuka ripoti zangu za mwisho wa mwezi. Kwenye kazi niliyofuata nilianza kuzifunga tarehe 27." Ukweli huo mchungu, ukimaliziwa na mabadiliko anayoyajua, unamfanya asikike mkweli hata anapokusifu. Kama hujabadilika, basi nyamaza, na uanze mwezi huu.

Mwulize pia, kwenye jibu hilo, cheo chake cha sasa kinaandikwaje. Fomu nyingi zina kisanduku cha cheo cha mdhamini na kingine cha uhusiano wenu. Kwenye cha kwanza unaandika alichonacho leo Dodoma, kwenye cha pili unaandika "alikuwa meneja wa tawi langu, 2018–2021". Watu huchanganya, na waajiri wakampigia mtu wakidhani bado ni meneja wa Mwanza. Kama fomu inamtumia mdhamini kiungo cha kujaza mwenyewe, mtahadharishe kitatoka kwa anwani gani, maana viungo hivyo vina muda na vingine hufa kimyakimya.

Ukiitwa kwenye usaili, mtumie ujumbe mwingine mfupi jioni ile: nimeitwa, usaili ni siku fulani, wakipiga huenda ikawa wiki ifuatayo, namba ikiwa ngeni naomba uipokee. Usirudie hadithi yote. Mwambatishie tena tangazo, kwa sababu ukurasa wa tangazo mara nyingi huondolewa mtandaoni maombi yakishafungwa.

Kuna mawili madogo ambayo naulizwa sana. La kwanza: akisema "andika mwenyewe barua ya kunisifia, nitasaini". Fomu yako haijataka barua, kwa hiyo mwambie kwa upole kwamba simu inatosha. Ingetakiwa, ungemwandikia tarehe, cheo, majukumu na lile la kalenda, ukaacha nafasi tupu pale pa maoni yake, ayajaze kwa maneno yake. Barua tatu za wadhamini watatu zenye mwandiko wa mtu mmoja tulikuwa tunazitambua kabla ya kufika aya ya pili. La pili: usimtumie "ya vocha". Najua ni ustaarabu wetu, lakini hapa unamlipa mtu anayekwenda kutoa ushahidi juu yako, na mzee mkali kwenye makaratasi ataliona hivyohivyo.

Na ikifika tarehe 18 bila neno? Angalia nani mwingine aliona kazi yako kwa karibu: aliyekuwa msimamizi wa mikopo wa tawi, au yule aliyemrithi bosi wako kama mlifanya kazi pamoja kabla hujaondoka. Ukimwandika mmoja wao, eleza kwenye fomu kwamba hakuwa msimamizi wako wa moja kwa moja na kwamba aliyekuwa msimamizi wako amehama. Usimpandishe cheo. Wakati huohuo waandikie rasilimali watu wa taasisi ile ya zamani wakupe hati ya utumishi, ile inayotaja kazi yako na muda uliokaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo ajira inapokoma. Wengi hatuiombi siku ya kuondoka kwa kuwa tumeshughulika na mafao. Haitasema neno lolote la kukusifu, ila itathibitisha cheo na tarehe zako, na unaweza kuiambatisha kwenye fomu bila kumsubiri mtu apokee simu.